Upande wa kulia tu: kisa cha usiku wa pili Mlima Elgon

Saa nane na dakika ishirini usiku wa kuamkia Jumapili, kijana aliyekuwa analala hema moja na mwalimu alikuja kunigonga. Hakusema mengi. "Daktari, njoo umsikilize. Anakorota na yuko macho."

Nilimkuta mwalimu amekaa, mgongo ameuegemeza kwenye begi, mikono magotini. Alikuwa hawezi kulala chali. Midomo yake chini ya tochi ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Nikamvisha kipimo cha oksijeni kidoleni, nikasugua kidole kwanza kwa sababu baridi huwa inakipotosha kipimo, nikasubiri. Kikatulia kwenye asilimia 61. Moyo ulikuwa unapiga mara 128 kwa dakika, naye anapumua mara 34. Joto la mwili 37.9. Alipokohoa akatema kwenye kifuniko cha chupa ya maji, na lile povu lilikuwa na wekundu hafifu, kama chai ya rangi iliyomwagiwa tone la maziwa.

Nikaweka stethoskopu mgongoni. Kushoto, hewa ilikuwa inaingia safi. Kulia, chini ya kwapa, nikasikia mlio ule wa chumvi ya mawe ikitupwa kwenye jiko la makaa. Nikarudi kushoto, nikarudi kulia. Ulikuwa kulia tu.

Huo "kulia tu" ndio unaonifanya niandike kisa hiki. Mlima haukumnyima hewa upande mmoja. Mapafu yote mawili yalikuwa yanavuta hewa ileile nyembamba. Kwa nini basi maji yakachagua mahali?

Nirudi nyuma kidogo. Tulikuwa sita, wote wakazi wa Kisumu. Mwalimu ana miaka 29, anafundisha sekondari, anacheza mpira kila wikendi na hukimbia kilomita 21 bila kelele. Havuti sigara, hana pumu, hajawahi kuambiwa ana shida ya moyo. Tuliondoka Kisumu Ijumaa alfajiri, tukapitia Kakamega na Kitale, tukaingia hifadhini kwa lango la Chorlim, na kufikia saa kumi jioni gari lilikuwa limetufikisha mwisho wa barabara, kwenye mita 3,500 hivi. Kisumu iko kwenye mita 1,131. Kwa maneno mengine, tulipanda zaidi ya kilomita mbili kwenda juu tukiwa tumekaa kwenye viti, tunakula mahindi ya kuchoma. Barabara ile ni nzuri kwa mtu mwenye haraka, na hilo ndilo kosa lake.

Ijumaa jioni niliwapima wote kwa mchezo tu. Watano walikuwa kati ya 86 na 90, mwalimu 84. Sikushtuka, kwa sababu kwenye urefu ule watu hutofautiana. Jumamosi tulipanda kilele cha Koitobos, mita 4,222, na mwalimu ndiye aliyekuwa mbele njia nzima akitungoja kwenye mawe. Wakati wa kushuka akawa wa mwisho. Mzee aliyekuwa anatuongoza, mtu wa Kopsiro, alinivuta kando akaniambia, "Huyu kijana wako asubuhi alikuwa swala. Sasa angalia anavyosimama kila hatua ishirini." Nilimwuliza mwalimu mwenyewe. Akacheka: "Omera, ni miguu tu, na hili vumbi." Alikuwa na kikohozi kikavu. Nilikubali habari ya vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na hapakuwa na vumbi lolote. Saa kumi na moja jioni, akiwa amepumzika saa nzima, kipimo kilisoma 76 wakati wenzake walikuwa 86 hadi 88. Hapo ndipo nilipaswa kufunga mizigo. Nilimpa chai.

Mtu ambaye anachoka kuliko wenzake, anayechelewa kupata pumzi hata baada ya kukaa, na ambaye kipimo chake kimeachwa nyuma na vipimo vya wenzake kwa pointi kumi, ana maji mapafuni mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kichwa hakikumuuma sana, na wengi hudhani bila maumivu ya kichwa hakuna ugonjwa wa mlima. Ugonjwa huu wa mapafu unaweza kuja peke yake. Na saa yake ndiyo hiyo: mara nyingi ni usiku wa pili, wala si wa kwanza.

Sasa turudi kwenye swali la upande wa kulia.

Mishipa ya mapafu ina tabia ambayo mishipa ya sehemu nyingine za mwili haina. Mguu ukikosa oksijeni, mishipa yake hutanuka ili damu zaidi ifike. Mapafu hufanya kinyume: pale ambapo hewa haina oksijeni ya kutosha, ateri ndogo zinazopeleka damu pale hujibana. Von Euler na Liljestrand waliionyesha tabia hii kwa paka mwaka 1946. Ukiishi Kisumu, hiyo ni akili nzuri sana. Ukipata nimonia kwenye pande moja la pafu, damu haina sababu ya kupita mahali ambapo haitapata kitu, basi mlango unafungwa na damu inaelekezwa kwenye pande zenye hewa.

Mlimani akili hiyo inageuka kuwa mtego. Hewa ya Kisumu inabonyeza kwa takriban milimita 665 za zebaki, na ya pale kambini karibu 500. Sehemu ya oksijeni ni ileile, moja kwa tano, lakini ya jumla iliyopungua. Kwa hiyo hakuna upande wa pafu wenye nafuu. Pande zote zinalalamika kwa pamoja, na ateri zote zinaambiwa zijibane. Moyo wa kulia unasukuma damu kwenye milango iliyofungwafungwa, na presha ndani ya ateri ya mapafu inapanda.

Wengi wanaofundisha jambo hili huishia hapo: presha imepanda, maji yakavuja. Lakini ukifikiri kidogo utaona maelezo hayo hayatoshi. Maji huvuja kwenye kapilari, vile vishipa vyembamba vinavyozunguka vifuko vya hewa, wala si kwenye ateri. Na ateri iliyojibana iko kabla ya kapilari. Ukifunga koki nusu, bomba la kutoka mtaani hadi kwenye koki lina presha kubwa, ila mpira ulioko baada ya koki unalegea. Kujibana kwa ateri kungepaswa kuzikinga kapilari. Kwa nini basi zinapasuka?

Jibu, ambalo daktari wa moyo Hultgren alilisisitiza tangu miaka ya sitini, ni kwamba ateri hazijibani sawasawa. Kuna sehemu za pafu ambazo ateri zake zina misuli mizito na zinajibana sana, na kuna sehemu ambazo hujibana kidogo au hazijibani kabisa. Damu haiwezi kungoja. Moyo unatoa kiasi kilekile, basi damu iliyokataliwa kwenye milango mingi inamiminika yote kwenye milango michache iliyobaki wazi, ikiwa na presha ya juu, bila koki ya kuipunguza. Kapilari za pale ndizo zinazolipa.

Niliwahi kulieleza hili kwa hesabu kwa wanafunzi, na hesabu ilinisaidia mimi kuliko wao. Namba ni zangu, za kufundishia, wala hazikupimwa kwa mwalimu. Chukua mapafu uyagawe vipande kumi vilivyo sawa, na lita 6 za damu kwa dakika zigawanyike humo. Presha ya upande wa kutokea, kwenye chumba cha kushoto cha moyo, iwe milimita 8 za zebaki na isibadilike. Mtu akiwa Kisumu, ateri ya mapafu iwe na wastani wa 15, na kapilari ziwe karibu 11.

Sasa mpeleke mlimani na ufanye ateri zote kumi zijibane sawa, upinzani wa kila moja uwe mara nne. Kila kipande bado kinapata damu ileile kama zamani. Presha ya ateri inapanda kutoka 15 hadi karibu 28. Presha ya kapilari? Imebaki 11. Huyu mtu ana presha kubwa ya mapafu na kifua kikavu.

Badilisha jambo moja tu. Vipande vinane vijibane vikali, mara kumi, na viwili visijibane. Presha ya ateri inafika karibu 30, yaani ukimpima unaona mtu yuleyule. Lakini vile vipande viwili, moja kwa tano ya mapafu, sasa vinapitisha zaidi ya nusu ya damu yote ya mwili, kila kimoja mara tatu ya mzigo wake. Kapilari zake zimepanda hadi 17 hivi. Vile vinane vimeshuka hadi 9. Pafu moja, dakika moja, na presha mbili tofauti kabisa ndani yake.

Kisha mpandishe Koitobos akiwa mbele ya wenzake. Moyo unatoa lita 12 badala ya 6. Yule aliyejibana sawasawa, kapilari zake zinafika 14 tu. Huyu wa pili anafika 25 kwenye vile vipande viwili.

Tofauti hiyo si ya karatasini pekee. Mwaka 2001 Maggiorini na wenzake walichapisha vipimo vya watu waliopandishwa hadi kibanda cha Margherita, mita 4,559, kwenye milima ya Alpi, wakiwa na mipira iliyopitishwa hadi kwenye ateri ya mapafu. Presha ya upande wa kushoto wa moyo ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo moyo haukuwa umeshindwa kazi. Waliojaa maji ni wale ambao presha ya kapilari ilizidi takriban 19. Na hiyo ni presha ya wastani wa mahali palipopimwa. Kwenye kile kipande kilichozidiwa lazima ilikuwa juu zaidi.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu una uzito kuliko mashine zote. Wapo watu wachache waliozaliwa bila ateri ya mapafu upande mmoja. Damu yao yote, siku zote, hupita pafu moja. Watu hawa wamejaa maji wakiwa kwenye urefu ambao wengi wetu tungekwenda kupumzika tu, na maji hujaa kwenye lile pafu lenye mshipa. Kinachowaumiza ni damu nyingi mno kupita mahali padogo.

Ukuta wa kapilari, pale unapokuwa mwembamba zaidi, hauzidi nusu ya elfu moja ya milimita. Ni lazima uwe hivyo ili oksijeni ipite. Presha ikipanda kwanza huvuja maji, kisha protini za damu, kisha ukuta unafunguka nyufa na chembe nyekundu zinapita. Lile povu kwenye kifuniko cha chupa lilikuwa hatua ya tatu. Uvimbe wa kinga, kama ule wa nimonia, hauanzishi jambo hili. Wachunguzi waliosafisha mapafu ya wagonjwa mapema kwa maji ya chumvi walikuta protini na chembe nyekundu nyingi, lakini dalili za uvimbe huo hazikuwa zimeanza. Baadaye zinaweza kuja, ndiyo maana mgonjwa aliyechelewa anaweza kuwa na homa.

Homa hiyo ndiyo inayotupoteza sisi watu wa ziwani. Mtu wa Kisumu akisema anatetemeka na ana joto, mkono unakwenda kwenye kipimo cha malaria wenyewe. Kinaweza hata kusoma chanya, maana malaria iko kule anakotoka, na bado tatizo la usiku ule likawa kifuani. Jingine la kwetu ni selimundu. Magharibi hii tuna watu wengi waliobeba nusu ya urithi wake bila kujua, na urefu mkubwa unaweza kuwasababishia wengu kufa sehemu. Huyo atashika ubavu wa kushoto juu, chini ya mbavu, na kulalamika maumivu. Mwalimu nilimbonyeza pale, hakushtuka.

Tulichofanya ni kidogo. Tulimfunika blanketi mbili na mfuko wa kulalia, kwa sababu baridi nayo hubana mishipa ya mapafu. Tulimbeba hadi kwenye gari, mita mia moja na themanini, naye akibisha kwamba anaweza kutembea. Angeweza, na kila hatua ingeongeza lita kwenye vile vipande viwili. Nilikuwa na nifedipini za miligramu 20 zinazoyeyuka polepole. Presha yake ya mkononi ilikuwa 118 kwa 72, nikampa moja ameze nzima, bila kuitafuna, kwa kuwa ikitafunwa huangusha presha ya mwili wote kwa ghafla. Dawa hii hulegeza zile ateri zilizojibana, milango iliyofungwa inafunguka, na damu inatawanyika tena. Lakini ni kibarua tu. Bosi ni oksijeni na kushuka. Mtungi wa oksijeni hatukuwa nao. Saa tisa usiku dereva akawasha gari.

Karibu na lango, tukiwa tumeshuka zaidi ya mita 1,000, kipimo kilisoma 78. Alikuwa ameacha kukorota. Kitale, kwenye mita 1,900 hivi, alikuwa 84 na anauliza kama simu yake imebaki hemani.

Katika hospitali tuliyofikia, mhudumu wa zamu aliandika "nimonia" kabla ya kumgusa, na alikuwa tayari na sindano ya furosemaidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, kwenye trei kwa sababu ya neno "maji". Tulibishana kwa heshima. Furosemaidi hufaa pale mwili unapokuwa na maji mengi na moyo umeshindwa kuyasukuma. Huyu alikuwa amekauka: siku mbili za kuhema hewa kavu, kutapika mara moja, mkojo kidogo na wa rangi ya manjano nzito. Maji yaliyokuwa mapafuni yalitoka kwenye damu yake mwenyewe. Ukimkamua zaidi unamshusha presha na hujagusa mlango hata mmoja. Mwishowe akawekewa oksijeni lita 4 kwa dakika, na kwa saa moja akafika 95. Kwa ateri zilizojibana kwa kukosa oksijeni, oksijeni ndiyo dawa ya kulegeza, na huanza kazi kwa dakika.

Picha ya kifua ilipigwa saa mbili asubuhi. Mabaka meupe kama pamba, kulia katikati na chini, moja dogo kushoto ambalo sikio langu halikulisikia. Moyo wa ukubwa wa kawaida. Ukiona maji mapafuni na moyo mdogo, na mabaka yametawanyika badala ya kuenea sawa pande zote mbili kutoka katikati, unaitazama ramani ya milango iliyobaki wazi. Hatukumpa antibiotiki. Nilikubali lawama endapo homa ingerudi. Ilishuka jioni ileile.

Swali la "kwa nini kulia" aliliuliza mwenyewe Jumatatu, akiwa anakula ugali kitandani. Nilimweleza habari ya milango. Akauliza tena, kwa ukali wa mwalimu: "Sawa, ila kwa nini kulia?" Wagonjwa wengi huanzia kulia katikati, na hilo linaonekana tena na tena kwenye picha. Yeye alikuwa na nadharia kwamba ni kwa sababu hulalia ubavu wa kulia. Mvuto wa dunia huongeza presha kidogo kwenye upande wa chini, hivyo huenda kulalia kulichangia, lakini kikohozi chake kilianza mchana akiwa amesimama.

Wiki iliyofuata, Kisumu, alipimwa moyo kwa mawimbi ya sauti. Nilitaka kujua mambo mawili: kama kuna tundu kati ya vyumba vya moyo, na kama ateri zote mbili za mapafu zipo. Zipo zote, na tundu hakuna. Presha ya mapafu akiwa amepumzika ilikuwa ya kawaida, jinsi inavyotarajiwa. Mtu wa aina hii hana ugonjwa mpaka umnyime oksijeni.

Picha ya pili ilipigwa siku ya tisa. Mabaka yameisha.

Alitaka kujua kama anaweza kurudi. Aliyejaa maji mara moja, akipanda tena kwa kasi ileile hadi urefu mkubwa, uwezekano wa kujaa tena ni zaidi ya nusu, kwa sababu jinsi ateri zake zinavyojibana haitabadilika kwa mazoezi. Miguu yenye nguvu inamfikisha kileleni haraka tu. Tukapanga kwa kalamu: usiku mmoja Kitale, usiku wa pili na wa tatu chini ya mita 3,000, kutoka hapo kila usiku usizidi mita 500 juu ya ule uliotangulia, na nifedipini kuanzia siku ya kupanda. Ilipofika wapi gari litatushushia, akachukua kalamu akachora mstari chini sana ya ule mwisho wa barabara, akaandika kando yake: "hapa tunatembea."